Jibu: Nomino zilizorundikana kwenye tasnifu

"Msimamizi kaandika pembeni 'sielewi' kwenye sentensi hii: Ucheleweshaji wa tathmini ya walimu ulisababisha upungufu wa ari. Nirekebisheje?"

Habari ndugu. Anzia kwenye "tathmini ya walimu". Walimu ndio waliotathmini, au ndio waliotathminiwa? Hiyo "ya" inabeba maana zote mbili, na msomaji hana pa kushika. Na ari iliyopungua ni ya nani?

Kila nomino iliyotokana na kitenzi iulize: nani alitenda, nani alitendewa? Kisha rudisha kitenzi. Tuseme wakaguzi ndio waliotathmini: "Wakaguzi walichelewa kuwatathmini walimu, na walimu wakapoteza ari." Ukikwama kumtaja mtenda, rudi kwenye madodoso yako kwanza, maana hapo lugha haitakuokoa.

Ila usizifute nomino zote, tafadhali. Tukio likishaelezwa kwa kitenzi, nomino inalibeba vizuri kwenye sentensi inayofuata: "Ucheleweshaji huu ulionekana zaidi katika shule za vijijini." Hapo msomaji tayari anajua nani alichelewa kufanya nini. Istilahi za fani, kama "unyambulishaji" kwenye isimu, nazo ziache zilivyo. Ukizivunja utarefusha sentensi bure.