Maswali na majibu: Kuhesabu vitu kwa Kichina

Sān ni tatu, shū ni kitabu. Kwa nini nikisema "sān shū" naambiwa nimekosea? Kumepungua nini?

Kumepungua běn. Vitabu vitatu ni sān běn shū (三本书). Ukiliruka hilo neno la katikati, namba inabaki haina pa kushika.

Chanzo ni nomino yenyewe. Kwa Kiswahili, kitabu kina umoja na wingi wake, na namba inavaa ngeli ya kitu kinachohesabiwa: vitabu vitatu, miti mitatu. Shū haina umoja wala wingi. Inataja aina ya kitu tu, jinsi sisi tunavyotaja mchele. Hakuna asemaye "mchele mitatu". Kwanza tunatafuta kipimo, iwe punje, kilo au gunia, ndipo namba inapata pa kukaa. Kichina kinafanya hivyo kwa karibu kila nomino, hata kwa vitu vinavyoonekana wazi kuwa kimoja kimoja, kama mtu, kiti au ufunguo. Neno hilo la katikati Wachina huliita liàngcí (量词). Hapa tutaliita neno la kuhesabia.

Kosa la pili la wazungumzaji wa Kiswahili ni kufuata mpangilio wetu na kusema "shū sān běn". Mpangilio huo upo, lakini mahali pake ni kwenye orodha ya bidhaa. Katika mazungumzo hutangulia namba, likafuata neno la kuhesabia, kisha kitu. Kwa kawaida neno la kuhesabia huhitajika pia baada ya zhè (hiki), nà (kile), měi (kila) na jǐ (-ngapi): zhè běn shū ni kitabu hiki, zhè sān běn shū ni vitabu hivi vitatu.

Maneno haya ni mengi mno. Si nitumie gè kwa kila kitu?

Kwa watu, machungwa, mayai, maswali na vitu vingi visivyo na neno lao maalumu, gè (个) ndiyo sahihi hasa. Ukisema "sān gè shū" utaeleweka pia, ila msikilizaji atajua papo hapo kwamba unajifunza.

Mambo huharibika pale ambapo neno la kuhesabia ndilo lenye habari. Ukiomba maji mgahawani kwa kusema "liǎng gè shuǐ", mhudumu hajui alete glasi mbili au chupa mbili. Sema liǎng bēi shuǐ (两杯水) kwa glasi au vikombe viwili, liǎng píng shuǐ (两瓶水) kwa chupa mbili. Ndizi nazo ni vivyo hivyo: yì gēn ni ndizi moja, yì bǎ ni kichane. Nomino ni ile ile, xiāngjiāo, lakini bei haifanani. Na mhudumu akikuuliza mlangoni jǐ wèi (几位), anauliza mko wangapi. Wèi ni neno la heshima kwa watu, ndiyo maana mhudumu hasemi gè kwa wageni.

Mimi ni mwalimu. Nimewapa wanafunzi orodha ya maneno 20 na nomino zake, wameikariri, lakini wakizungumza hawalitumii hata moja. Nifanyeje?

Mwalimu mwenzetu, weka orodha kando. Orodha humfundisha mwanafunzi kwamba neno la kuhesabia ni nyongeza ya nomino, jambo la kukumbuka baadaye, na akizungumza huwa ameshalipita. Inabidi alizoee likiwa limeshikana na namba, hata kabla ya kuijua nomino.

Anza na maneno matatu tu: zhāng (张), tiáo (条) na bǎ (把). Zhāng ni kwa vitu vyenye uso bapa, tiáo kwa vitu virefu, hasa vinavyopindika, bǎ kwa vitu vya kushikwa kwa mkono. Kusanya vitu vya kweli vya aina tisa, kila aina vitano. Kundi la zhāng liwe na karatasi, tiketi za basi na meza za darasani. La tiáo liwe na suruali, taulo na mikanda. La bǎ liwe na funguo, vijiko na viti.

Usitumie kadi zenye picha. Kadi yoyote, iwe na picha ya ufunguo au ya suruali, ni kitu bapa, nayo huhesabiwa kwa zhāng. Mtoto anaona kadi tatu mkononi mwako huku wewe unasema sān bǎ, na macho yake yanambishia. Ukitaka kuongeza samaki, ambaye ni wa tiáo, mlete ng'onda.

Hatua ya kwanza ni mkono. Gusa karatasi kwa kiganja kilichonyooshwa na useme zhāng. Vuta kidole kufuata urefu wa taulo, tiáo. Funga ngumi kwenye kijiko, bǎ. Wanafunzi wafanye vivyo hivyo kwa vitu vyote tisa, wakisema neno hilo tu.

Hatua ya pili ni namba, na namba ya kuanzia iwe tatu. Wengi huanza na moja, kumbe yī hubadili toni kulingana na neno linalofuata: ni yì zhāng lakini yí gè. Mbili nayo ina mambo yake, tutayafikia hapa chini. Sān haibadiliki. Inua funguo tatu, sema sān bǎ, unyamaze. Hiki si Kichina cha mkato cha darasani. Kitu kikishajulikana, Mchina mwenyewe huiacha nomino. Uliza jǐ bǎ? nao wajibu sān bǎ, sì bǎ, wǔ bǎ, ukiongeza funguo moja moja. Zunguka makundi yote matatu hadi jibu litoke bila kusitasita.

Nomino ije mwisho: sān bǎ yàoshi (funguo tatu), sān tiáo kùzi (suruali tatu), sān zhāng piào (tiketi tatu). Katika kundi la bǎ, tanguliza funguo na vijiko (sháozi). Viti (yǐzi) visubiri, kwa sababu bǎ na yǐ zote ni toni ya tatu, na zikifuatana ya kwanza hupanda na kusikika bá. Mwavuli usiulete kabisa siku hiyo: sān bǎ sǎn ina badiliko hilo hilo, na juu yake sān na sǎn zinamchanganya hata mwanafunzi hodari.

Kujua kama wameshika, tia vitu ndani ya mfuko usioonyesha na useme: yǒu sān bǎ… (kuna sān bǎ…), kisha ukatize. Waulize mna nini humo. Anayetaja funguo au vijiko ameelewa kwamba bǎ imeshampa fununu. Anayetaja tiketi bado anakariri sauti, mrudishe kwenye hatua ya mkono.

Gè usiifundishe katika somo hilo. Ikiingia mapema, haya mengine hayatatumika.

Kwa nini meza ni zhāng halafu kiti ni bǎ, wakati vyote ni samani? Na suruali inahusianaje na mto?

Neno la kuhesabia haliulizi kitu ni cha nini. Linatazama upande mmoja wa kitu, na lugha imeshachagua upande upi. Kwenye meza limechagua uso, kwa hiyo meza imekaa na kitanda na karatasi. Kwenye kiti limechagua mahali pa kukamata unapokihamisha. Bǎ yenyewe ni kitenzi cha kushika. Mto, barabara, nyoka na suruali vyote ni virefu na vinapindapinda, basi ni tiáo.

Nguo zinagawanyika kiunoni: shati na koti ni jiàn (件), suruali na sketi ni tiáo.

Tahadhari iko kwenye kuipanua kanuni kupita kiasi. Mwanafunzi akishazoea kuwa tiáo ni ya vitu virefu, ataitia na kalamu humo. Kalamu haipindi, na neno lake ni zhī (支). Kuku naye ni zhī, sauti na toni ile ile, lakini kwa maandishi ni 只, kwa hiyo sikio halina tatizo, mwenye tatizo ni mwandishi. Na ukimwambia mwanafunzi kwamba kupinda ndiko kunakoamua kila kitu, atakuuliza habari za benchi: halipindi, nalo huhesabiwa kwa tiáo. Umbo linakufikisha mbali, halikufikishi mwisho. Yanayobaki hujifunzwa moja moja.

Mbili ni èr au liǎng?

Mbele ya neno la kuhesabia ni liǎng: liǎng běn shū. Ndani ya namba kubwa zaidi kama 12 au 22 inabaki èr: shí'èr běn shū. Kwa "wa pili" ni èr pia: dì èr běn, kitabu cha pili.

Siku na miezi navyo vinahitaji neno la kuhesabia?

Siku (tiān) na mwaka (nián) hazihitaji, kwa sababu zenyewe ni vipimo: sān tiān, sān nián. Mwezi unahitaji, na hapa kosa lina gharama. Sān gè yuè (三个月) ni miezi mitatu. Sān yuè (三月) ni Machi. Ukimwahidi mtu malipo baada ya miezi mitatu ukaisahau gè, umemtajia mwezi wa kalenda.

Nanunua nguo kwa jumla Guangzhou. Muuzaji ananiuliza jiàn, mara tào, mara xiāng. Nitajuaje naagiza kiasi gani?

Tào (套) ni seti, kwa mfano koti na suruali yake vikihesabiwa kimoja. Xiāng (箱) ni katoni. Dá (打) ukiisikia ni dazeni. Wa kuangaliwa ni jiàn. Kwa mashati, jiàn ni shati moja, lakini kwenye biashara ya jumla jiàn hutumika pia kwa mzigo mzima uliofungwa. Kwa hiyo "shí jiàn" inaweza kuwa mashati kumi, na inaweza kuwa mizigo kumi.

Usikubaliane bei kabla ya kuuliza kilichomo ndani. Kwa mashati uliza: yì xiāng duōshao jiàn? (一箱多少件), yaani katoni moja ina mashati mangapi. Kwa suruali uliza: yí jiàn duōshao tiáo? (一件多少条). Hapo tiáo inakuokoa. Suruali moja moja ni tiáo, basi jiàn katika sentensi hiyo haiwezi kuwa kitu kingine ila mzigo. Kisha hakikisha karatasi ya oda inaonyesha maneno yote mawili, idadi ya mizigo na idadi ya nguo ndani ya kila mzigo, kwa herufi za Kichina.