Kasi ya Maji, Kasi ya Bamba

"Mwalimu, kani ya maji kwenye bamba si ni ρAV² tu?" (Mwanafunzi, Njiro)

Ndiyo, bamba likiwa limenyooka, limesimama, na maji yanaligonga wima. La swali linalofuata limepinda na linakimbia. Lisomeni hadi mwisho.

"Nozeli ina eneo la 0.002 m², maji 30 m/s, bamba 12 m/s. Maji yanageuzwa nyuma, yakitoka kwa nyuzi 15 na mstari wa mwendo. Mimi nimepata 15.3 kW, mwenzangu 25.5 kW. Nani kapatia?" (Moshi mjini)

Nyote, ila mmejibu maswali mawili tofauti. Ukijiweka juu ya bamba, maji yanakujia kwa 30 − 12 = 18 m/s. Bamba likiwa laini, yanateleza juu yake na kutoka kwa 18 ile ile. Kilichobadilika ni mwelekeo. Kwenye mstari wa mwendo, basi, badiliko la kasi ni 18(1 + cos 15°) = 35.4 m/s.

Hapo ndipo mnapoachana, kwenye kilo. Bamba moja linaloyakimbia maji linafikiwa na 1000 × 0.002 × 18 = 36 kg kwa sekunde, ingawa nozeli inatoa 60. Zile 24 hazijapotea: ziko njiani, maana mkondo unazidi kurefuka kadiri bamba linavyosogea mbali. Kani ni 1274 N. Zidisha kwa 12, unapata 15.3 kW. Mwenzako alifikiria gurudumu lenye mabamba mengi, ambapo maji yaliyolikosa bamba hili yanadakwa na linalofuata. Kilo zote 60 zinafanya kazi: 2123 N, 25.5 kW.

Hakikisheni kwa nishati. Mkondo una ½ × 60 × 30² = 27 kW. Yakitoka, kwa mtu aliyesimama chini, maji yana 17.4 − 12 = 5.4 m/s kurudi nyuma na 4.7 m/s pembeni, yakiondoka na 1.5 kW. Inayobaki ni 25.5. Ikigoma kulingana, kagua pembe kwanza.

Na wale wanaozidisha kani kwa 30 badala ya 12 wananiletea kW 63.7 kutoka maji yenye 27. Kila muhula wapo! Kinachosukumwa ni bamba, kwa hiyo kasi ni ya bamba.

"Gurudumu langu kwenye mfereji likizunguka kwa kasi ya maji, nguvu itakuwa kubwa zaidi?" (Machame)

Itakuwa sifuri, ndugu yangu: maji hayatalifikia bamba. Nusu ya kasi ya maji ndiyo bora. Kwa mfano wa juu, 15 m/s inatoa 26.5 kW. Lakini hizo ni hesabu za mkondo wa nozeli, wenye maji yaliyoshuka kwa bomba kama mita 46. Mfereji wako wa wazi hauna kasi hiyo. Pima mteremko kabla hujamlipa fundi.

"Kwa nini tusigeuze maji nyuzi 180 kamili?" (Arusha)

Yatagonga mgongo wa bamba linalofuata na kulivuta gurudumu nyuma.