Kima na Papa: punda wa dobi anaingiaje?

> "Bibi alimalizia pale kima anaporudi mtini. Mwingine akaongeza punda wa dobi. Ipi sahihi, na funzo ni lipi?"

Zote ni sahihi, ndugu, ila mafunzo yake hayafanani. Simulizi iliyoandikwa Unguja na kuchapishwa na mmisionari Edward Steere mwaka 1870 ina punda. Papa anambeba kima baharini, maana moyo wa kima unatakiwa uwe dawa ya mfalme wa papa. Kima akishadanganya kwamba moyo wake ameuacha mtini, papa anamrudisha pwani, kisha anamwita tena waondoke. Hapo ndipo kima anamsimulia: punda wa dobi alishambuliwa na simba akaponyoka, sungura akamshawishi arudi, akaliwa. Sungura akala moyo na masikio, simba alipouliza akajibiwa kuwa punda hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi.

Kwa hiyo hadithi ya ndani ndiyo jibu la kima: "Mimi si punda, sirudi." Ukiiondoa, funzo linabaki kwenye werevu wa kujiokoa. Ukiibakiza, linahamia kwenye kutorudia mtego uleule, na kwangu hilo ndilo zito zaidi. Msimulizi mwenye watoto wanaosinzia huikata, naye hakosei. Wengine humweka mamba badala ya papa, na hapo kisa hakiguswi. Lakini uongo wa moyo ukiondolewa, hadithi nzima inaanguka.