Kreti kwenye ubao wa mteremko: msuguano unaelekea wapi, na alama ni ipi?

Chukua kreti ya nyanya yenye kilo 20 juu ya ubao ulioegemezwa kwenye bodi la Fuso, kama wapakiaji wa soko la Mbuyuni hapa Moshi wanavyofanya. Ubao umeinama nyuzi 30 kutoka ardhini, na kamba inaivuta kreti kuelekea juu, sambamba na ubao. Namba ya msuguano tuli, yaani wakati kreti bado imetulia, ni 0.40. Ikishaanza kuteleza, namba hiyo inashuka hadi 0.30. Tuchukue g kuwa 10 m/s². Kamba ikivuta kwa 60 N, msuguano ni kiasi gani, na uko upande gani?

Jibu linaloonekana mara nyingi kwenye madaftari ya kidato cha tano ni hili: kamba inavuta juu, msuguano unapinga, kwa hiyo msuguano uko chini na ni sawa na μN, yaani namba ya msuguano mara kani ya ubao kwa kreti. Hapo kuna makosa mawili. Kwanza, msuguano haupingi kamba. Unapinga kuteleza kwa kreti juu ya ubao. Pili, μN ni kikomo cha msuguano tuli. Kiasi chenyewe kinaweza kuwa chochote kuanzia sifuri hadi hapo.

Anza na uzito, 200 N, ambao unaelekea chini wima. Tunaugawa vipande viwili, kimoja kinachofuata ubao na kingine kinachoukandamiza:

mg sin 30° = 100 N, kushuka na ubao

mg cos 30° = 173.2 N, kukandamiza ubao

Wanaochanganya sin na cos wana kipimo rahisi. Fikiria ubao umelazwa chini kabisa, pembe sifuri. Kreti haivutwi kuteleza popote, kwa hiyo kipande kinachofuata ubao lazima kiwe sifuri, na sin 0° ndiyo sifuri. Kipimo hiki kinafaa hasa pale swali linapotoa pembe kutoka kwenye ukuta badala ya ardhi, kwa sababu hapo sin na cos zinabadilishana nafasi na aliyekariri anakwama.

Kamba yetu haiusukumi wala kuuinua mzigo kutoka kwenye ubao, kwa hiyo kani ya ubao kwa kreti, N, ni 173.2 N. Kikomo cha msuguano tuli ni 0.40 × 173.2 = 69.3 N.

Sasa jiulize: msuguano ukiondolewa, kreti itaelekea wapi? Kamba inavuta juu kwa 60 N, uzito unavuta chini kwa 100 N. Kreti ingeshuka. Msuguano basi uko juu, upande uleule wa kamba, na kinachohitajika ili kreti itulie ni 40 N. Hiyo ni chini ya 69.3, kwa hiyo ubao unaweza kuitoa. Jibu ni 40 N kuelekea juu.

Ongeza mvuto hadi 150 N, na bila msuguano kreti ingepanda. Msuguano unageuka na kuelekea chini, 50 N, kreti bado imetulia. Mvuto ukiwa 100 N kamili, msuguano ni sifuri. Kreti hii inatulia kwa mvuto wowote kati ya 30.7 N na 169.3 N. Namba hizo mbili ni 100 ukitoa 69.3, na 100 ukijumlisha 69.3.

Kuhusu alama, amua upande mmoja uwe chanya kabla hujaandika mlinganyo, kisha usiubadilishe hadi mwisho. Hapa upande wa kupanda ubao ni chanya. Kama kreti imetulia na hujui msuguano uko wapi, uandike f ukiwa juu na uache hesabu iseme:

60 + f − 100 = 0, f = +40

150 + f − 100 = 0, f = −50

Hasi ya pili ina maana moja tu: msuguano uko chini. Hesabu haikuharibika, na huna haja ya kuirudia.

Kreti inapoteleza, uhuru huo haupo tena, na hapa ndipo hata wanafunzi wazuri wanapoteza alama. Chukua mvuto wa 20 N. Tofauti na uzito ni 80 N, zaidi ya 69.3, kwa hiyo kreti iliyokuwa imetulia itaanza kuteleza kushuka ingawa kamba inavuta juu. Msuguano wa mwendo ni 0.30 × 173.2 = 52 N. Mtu akidhani kreti inapanda, ataweka msuguano chini:

20 − 100 − 52 = 20a, a = −6.6 m/s²

Kisha anasema, sawa, hasi, basi inashuka kwa 6.6. Hapana. Kreti ikishuka, msuguano uko juu:

20 − 100 + 52 = 20a, a = −1.4 m/s²

Mchapuko wa kweli ni 1.4 kuelekea chini. Kosa la mwanzo haliondolewi kwa kugeuza alama, kwa sababu 52 N tumeiweka kwa mkono upande mmoja na haiwezi kujigeuza yenyewe. Kwa msuguano tuli f ilikuwa kitu cha kutafutwa. Kwa msuguano wa mwendo tumeshaupa ukubwa na upande. Ukidhani upande wa mwendo na mchapuko ukatoka kinyume na ulivyodhani kwa kreti iliyoanza ikiwa imetulia, futa na uandike upya.

Angalia pia N pale kamba au mkono usipokuwa sambamba na ubao. Mpakiaji akivuta kwa 180 N sambamba na ubao, kreti inapanda, kwa sababu 180 − 100 ni 80. Akisukuma kwa 180 N zilezile lakini kwa mlalo, sambamba na ardhi, kipande kinachofuata ubao ni 155.9 N tu, na kingine cha 90 N kinaikandamiza kreti. N inakuwa 263.2 N, kikomo kinapanda hadi 105.3 N, na kinachohitaji kuzuiwa ni 55.9 N. Kreti haisogei. Aliyeandika N = mg cos θ bila kutazama mchoro hataliona kosa lake hapa, kwa maana kikomo chake kibovu cha 69.3 N bado kinatosha kuizuia 55.9, lakini kwa msukumo wa 240 N hakitatosha: atapata tofauti ya 107.8 N na kusema inapanda, wakati kikomo halisi ni 117.3 N na kreti imetulia.

Swali la kitu kinachorushwa kupanda ubao na kurudi linahitaji milinganyo miwili. Kreti ikianza kupanda kwa 4 m/s bila kamba, uzito na msuguano vyote viko chini, na inapunguza kasi kwa 7.6 m/s². Inasimama baada ya mita 1.05. Haibaki pale, kwa sababu 100 N inazidi 69.3. Inaporudi msuguano uko juu, mchapuko ni 2.4 m/s², na inafika ilipoanzia ikiwa na kasi ya takribani 2.2 m/s. Kama hesabu yako inairudisha kwa 4 m/s zilezile, hukugeuza msuguano ilipoanza kushuka.