Mweusi kumchukia mweusi mgeni

"Mdogo wangu yuko Johannesburg, anasumbuliwa na weusi wenzake kwa kuwa ni Mtanzania. Huo nao ni ubaguzi wa rangi?"

Dada, kwa kiini chake hiyo ni chuki dhidi ya wageni. Mbaguzi wa rangi humdharau hata raia mwenzake. Mwenye chuki dhidi ya wageni humwambia mtu kwamba hapa si kwao. Tazama mashambulizi yaliyoanzia mtaa wa Alexandra, Johannesburg, Mei 2008. Waliuawa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wavamizi walimwonyesha mtu kiwiko, wakamtaka akitaje kwa Kizulu. Akishindwa, ni mgeni. Wavenda na Watsonga, raia kabisa, waliponzwa na lugha yao.

Lakini rangi nayo huingia. Mtu hushukiwa kwa kuwa "mweusi mno", huku Mzungu mgeni akipita bila kuguswa. Hapo ngazi ya enzi ya makaburu, iliyomweka mweusi chini kabisa, bado inafanya kazi, safari hii mikononi mwa weusi wenyewe.

Mdogo wako aandike alichoambiwa, neno kwa neno, na tarehe: walitaja pasipoti, lafudhi au weusi wake? Malalamiko hayo anaweza kuyapeleka mahakama ya usawa hukohuko.