Stoo ya mfumo kusoma hasi

"Nina duka la jumla Kamukunji. Mfumo unasema sabuni ni -24, na rafu imejaa. Nirekebishe iwe sifuri?"

Ndugu, usiiweke sifuri kwanza. Hasi humaanisha kwamba mfumo umeona mauzo mengi kuliko mapokezi, na mara nyingi chanzo ni mzigo uliouzwa kabla ya kuingizwa, au kipimo kilichokosewa. Nakisia lako ni hili la pili, kwa sababu katoni nyingi za sabuni hubeba vipande 24.

Fungua risiti ya mapokezi. Tuseme zilipokelewa katoni 10, karani akaandika vipande 10, kisha vikauzwa 34: mfumo utasoma -24, ilhali rafuni vinapaswa kuwa 206. Gharama nayo imeharibika, kwani katoni ya shilingi 1,200 imesomwa kama bei ya kipande kimoja badala ya shilingi 50, na ripoti itaonyesha hasara isiyokuwepo. Ndiyo maana ninasisitiza usahihishe risiti yenyewe.

Baada ya hapo, hesabu rafu asubuhi kabla ya kufungua. Ukipata 203, vile vitatu ndivyo upungufu halisi; virekebishe peke yake na uandike sababu.

Ili lisirudi, sajili katoni kuwa vipande 24, na mzigo usipande rafuni kabla ya kuingizwa. Ikiwa ritani ya VAT ya mwezi huo imeshawasilishwa, mhusishe mhasibu kabla ya kugusa risiti.