Redio ya kurukaruka ikinyamaza, anza na saa

Nilifundishwa mawasiliano jeshini kwa simu ya waya. Ikikatika unaufuata waya kwa miguu mpaka ufike palipokatika. Tulijidanganya kwamba waya hausikiki na adui. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walitumia waya mmoja na kuiachia ardhi kazi ya kurudisha umeme. Wajerumani wakachomeka vigingi ardhini upande wao, wakasikia maongezi. Mwaka 1915 Kapteni Fuller wa Uingereza alibuni kifaa cha kutuma ishara kwa mkondo mdogo mno usionaswa kirahisi.

Redio ya mgongoni ikatuondolea kubeba waya, ila ilikaa kwenye masafa mamoja tu. Adui akiyapata, anasikiliza au anayajaza kelele. Ndipo zikaja redio za kurukaruka, zinazohama toka masafa moja hadi mengine bila kutulia. SINCGARS ya Marekani, kwa mfano, ina masafa 2,320 kati ya megahezi 30 na 88, na huruka takriban mara 111 kwa sekunde. Kila ruko ni milisekunde tisa hivi. Ruko lijalo huamuliwa na ufunguo, yaani msimbo wa siri uliojazwa redioni, pamoja na saa iliyo ndani ya redio. Saa zikipishana, ufunguo sahihi haukusaidii: mwenzako yuko kwingine.

Siku moja kwenye mazoezi, redio moja kati ya tano ilinyamaza. Kijana aliyeishika akabadilisha antena, kisha kipaza sauti, kisha akaanza kuipiga makofi. Nilimwambia aiweke kwenye masafa mamoja, nami nikafanya vivyo hivyo. Akanisikia vizuri. Basi antena, betri na kipaza sauti vilikuwa vizima, tatizo likabaki kwenye saa au funguo. (Jaribio hilo lifanye kwa neno moja lisilo na maana, maana hapo umejianika.)

Tukalinganisha saa: yake ilikuwa nyuma kwa sekunde 11. Redio hizo huvumilia tofauti ya sekunde nne hivi. Asubuhi alikuwa amebadilisha betri kubwa, na ile ndogo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imechoka. Saa ikapotea, naye akairudisha kwa kutazama saa ya mkononi. Tuliiweka upya kwa kipokezi cha setilaiti, ikaamka. Hiyo betri ndogo ndiyo ninayoikagua kabla ya kutoka.

Saa zikilingana na bado kimya, geukia funguo. Kumbuka ziko mbili: mmoja hupanga maruko, mwingine huficha sauti yenyewe. Mara nyingi utakuta mtu amebaki na za jana. Usizisomee hewani ili kulinganisha. Mpelekee kifaa cha kujazia funguo, hata kama ni mwendo wa nusu saa. Na hapo, baada ya maendeleo yote hayo, unarudi kutembea kwa miguu kama enzi za waya.